Barua kwa binti wa kaka yangu: mazungumzo ya kufungua akaunti

Hamugembe, Bukoba

Mwanangu mpendwa,

Baba yako alipokuja mjini aliniachia daftari lako, lenye mazungumzo uliyoyaandika kwa Kiingereza kati ya mteja na karani wa benki. Nimeyasoma na kuyarudia. Kiingereza chako kimenyooka na adabu ya mteja wako inapendeza, kwa hiyo upande wa lugha namwachia mwalimu wako. Lakini mimi nimefanya kazi kwenye kaunta hapa Bukoba hadi nikastaafu, na yale uliyowapa wazungumzaji wako si yale tunayoambizana pale dirishani. Na kwa kuwa ukishamaliza kidato cha nne utatimiza miaka 18 na kuhitaji akaunti yako mwenyewe, naona heri tuyaweke sawa sasa.

Nianze na mistari miwili iliyonisumbua kuliko yote. Mteja wako anauliza kama kuna makato. Karani anajibu kuwa hakuna, kufungua akaunti ni bure. Mteja anashukuru, anaanza kujaza fomu. Jibu la karani huyo ni la kweli, maana benki nyingi siku hizi hazimtozi mtu kwa kufungua akaunti. Ila mteja ametoka pale akiamini kwamba akaunti yenyewe haina makato, na hilo si kweli. Kufungua ni kitu kimoja na kuiendesha ni kingine. Wazee wangapi wamesimama mbele yangu na karatasi ya taarifa ya akaunti mkononi, wakiuliza nani amechukua hela zao, na nikitazama naona hakuna aliyeiba: ni ada ya mwezi, ni kadi, ni kutoa mara kwa mara. Wangeuliza vizuri siku ya kwanza, wengine wangechagua akaunti ya aina nyingine kabisa.

Kabla sijafika huko, neno moja kuhusu huyo mteja wako. Umemfanya Mtanzania, na karani ni Mtanzania. Watu hao wakikutana Bukoba Mjini wataongea Kiswahili, na kama ni mama mtu mzima kutoka Kanyigo au Kamachumu atasalimia kwa Kihaya na atajibiwa kwa Kihaya. Kiingereza tulikitumia pale kaunta kwa watu wa aina fulani: wamisionari, wafanyakazi wa mashirika, wafanyabiashara waliovuka Mutukula, na wanafunzi wa Uganda waliokuja kusoma huku. Kwa hiyo mfanye mteja wako awe msichana wa Masaka anayesoma uuguzi Bukoba. Hapo Kiingereza kitakuwa na sababu, na darasa lako litaelewa kwa nini hawaongei Kiswahili.

Sasa hati. Uliandika kwamba karani anadai bili ya umeme na barua ya mwajiri. Hayo nadhani umeyatoa kwenye kitabu cha ng'ambo. Nyumbani kwenu mnanunua umeme wa Luku kabla ya kuutumia, na hakuna bili inayokuja mwisho wa mwezi, sasa mteja wako angeitoa wapi? Kwetu, mtu mzima Mtanzania anaulizwa kwanza kitambulisho cha Taifa au namba yake ya NIDA. Kadi yenyewe ikiwa haijatoka, namba peke yake mara nyingi inatosha, kwa sababu karani anaiingiza kwenye mfumo, mteja anaweka kidole kwenye mashine, na taarifa zake pamoja na picha vinatokea. Baadhi ya benki huomba pia picha za pasipoti na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji au serikali ya mtaa, hasa pale kitambulisho kinapokuwa na shida. Namba ya simu inatakiwa pia, na iwe imesajiliwa kwa jina la mteja mwenyewe, si ya kaka yake wala ya jirani, kwa sababu ujumbe wa muamala na namba za siri za huduma ya simu vitakwenda huko. Kisha anatajwa mtu wa karibu wa kupigiwa likitokea jambo, na mteja anaweka sahihi ya mfano.

Haya yote hayaulizwi kwa udadisi wa karani. Sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu ya mwaka 2006 inaitaka benki imjue mteja wake kabla ya kupokea hela yake. Karani akimfungulia akaunti mtu asiyethibitika, yeye ndiye anayekuwa matatani.

Mteja wako wa Masaka hana namba ya NIDA. Yeye ataombwa pasipoti, kibali cha ukaazi, ambacho kwa mwanafunzi ni cha daraja C, na barua ya chuo inayothibitisha kuwa anasoma pale. Akija na kitambulisho cha Uganda peke yake, karani atamweleza kwa upole arudi na vilivyobaki. Hiyo ingekuwa sehemu nzuri ya mazungumzo yako, kwa sababu watu wengi hurudishwa, na mwanafunzi wa Kiingereza anahitaji kujua namna ya kuuliza: nirudi na nini hasa, nakala au halisi, na nikirudi nimwone nani?

Kuna tatizo ambalo hukuligusa, na ndilo lililokula muda wetu mwingi kuliko yote. Majina. Sisi Wahaya tunaandika r na l kama zinavyotujia. Mtu cheti chake cha kuzaliwa kinasema Mutalemwa, cha shule Mutaremwa, NIDA wameandika la ubatizo kwanza na la babu mwisho, na kwenye laini ya simu jina la katikati halipo kabisa. Yeye anajijua ni mmoja. Mfumo unaona watu watatu. Tarehe nayo ni hivyo hivyo: namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo karani akiisoma tu anajua kama tarehe uliyoandika kwenye fomu inaoana au haioani. Ikiwa tofauti ni ndogo, mteja anakwenda kwa wakili au mahakamani kula kiapo kwamba majina yote ni yake, analeta hati hiyo. Ikiwa kosa liko NIDA, inabidi aende ofisi yao ya wilaya arekebishe huko, na hapo si suala la siku moja.

Na vidole. Wakulima wetu wa kahawa, hasa akina mama, wanafika wakiwa na ncha za vidole zilizolika kwa jembe na kumenya ndizi na kuchuma. Mashine inakataa. Tulikuwa na kitambaa kando ya mashine. Unamfuta mama kidole, unamwomba akibonyeze taratibu bila kukisukuma, kikikataa gumba unajaribu cha shahada, ukimaliza mkono wa kulia unahamia wa kushoto. Karani asiye na subira anamwambia arudi kesho. Kesho kidole kitakuwa kile kile, na nauli ya kutoka Nshamba imeshaliwa.

Nije kwenye makato, ambayo ndiyo sababu ya barua hii. Mteja akiuliza kwa jumla kama kuna makato, atajibiwa kwa jumla. Karani ana foleni nyuma yako na atajibu swali uliloliuliza. Lazima uligawe. Uliza kiasi cha kuanzia ni shilingi ngapi. Uliza kiasi gani lazima kibaki ndani muda wote, kile usichoweza kukitoa. Uliza kama kuna ada ya kila mwezi ya kuendesha akaunti. Uliza bei ya kadi ya ATM, na kama ina ada ya mwaka. Uliza kutoa hela kunatozwaje pale dirishani, kwenye ATM yao, kwenye ATM ya benki nyingine na kwa wakala, maana bei hizo nne hazilingani. Na kila ukitajiwa bei, uliza kama kodi ya ongezeko la thamani imo ndani. Tangu Julai 2016 ada za benki zinatozwa kodi hiyo, asilimia 18, na karatasi ya bei mara nyingine huandikwa bila hiyo.

Nikupigie hesabu. Bei hizi nimezitunga mimi ili uone njia, si za benki yoyote, kwa hiyo usizinukuu. Tuseme akaunti ya kawaida ina salio la chini la shilingi 5,000, ada ya mwezi 1,000, kadi 10,000, na kila kutoa kwenye ATM ni 1,500, na bei zote bado hazijawekwa kodi. Baba yako ameuza kahawa, anakuwekea 100,000 za muhula wa miezi mitatu. Wewe unatoa 10,000 mara sita, jumla 60,000, na kichwani mwako umebakiwa na 40,000.

Sasa tazama. Ada ya miezi mitatu ni 3,000, kadi 10,000, kutoa mara sita ni 9,000. Jumla 22,000. Asilimia 18 yake ni 3,960, kwa hiyo makato yote ni 25,960. Ndani ya akaunti zimebaki 14,040, na kati ya hizo 5,000 huruhusiwi kuzigusa. Ulizonazo za kutumia ni 9,040, si 40,000.

Kama zile 60,000 ungezitoa mara tatu tu, 20,000 kila mara, ada ya kutoa ingekuwa 4,500. Makato yote pamoja na kodi yangekuwa 20,650, umeokoa 5,310 bila kujinyima chochote. Na kama benki hiyo ina akaunti ya wanafunzi isiyo na ada ya mwezi, na benki kadhaa kubwa zina akaunti za namna hiyo, ungeokoa 3,540 nyingine. Ndiyo maana swali la kwanza kabisa la mteja mwanafunzi linapaswa kuwa: mna akaunti gani kwa ajili ya wanafunzi, na inatofautianaje na ya kawaida? Karani asipoulizwa, anaweza kukufungulia ile ya kawaida, kwa sababu ndiyo anayoifungua kutwa nzima.

Una haki ya kuziona bei hizo kwa maandishi. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki imweleze mteja ada zake waziwazi. Omba karatasi ya bei, uisome pale pale ukiwa umesimama, na usichokielewa uliza. Hakuna karani mzuri atakayekasirika. Mteja aliyeelewa siku ya kwanza harudi kugombana mwezi wa tatu.

Nimejaribu kuandika upya katikati ya mazungumzo yako. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Kuyaweka kwa Kiingereza ndiyo kazi aliyokupa mwalimu, na usipokonywe.

Karani: Karibu, dada. Nikusaidie nini?

Mteja: Asante. Natoka Masaka, nasoma uuguzi hapa Bukoba. Ningependa kufungua akaunti, lakini kwanza naomba kujua mna akaunti gani kwa mwanafunzi.

Karani: Ipo ya wanafunzi na ipo ya akiba ya kawaida. Ya wanafunzi haina ada ya mwezi, ila lazima tuone barua ya chuo.

Mteja: Barua ninayo. Hati gani nyingine zinatakiwa?

Karani: Pasipoti, kibali chako cha ukaazi, picha mbili, na namba ya simu ya Tanzania iliyosajiliwa kwa jina lako.

Mteja: Laini ninayotumia ni ya mwenye nyumba.

Karani: Hiyo haitafaa. Sajili ya kwako kwanza, kisha urudi. Vingine naweza kuvikagua leo ili usirudi mara mbili.

Mteja: Nashukuru. Naomba unieleze pia makato. Nikitoa pesa kwenye mashine yenu natozwa kiasi gani? Na nikitoa kwa wakala?

Karani: Bei ziko kwenye karatasi hii. Mashine yetu ni mstari huu, wakala ni huu, na inategemea kiasi unachotoa.

Mteja: Na mashine ya benki nyingine?

Karani: Huu hapa chini. Ni ghali zaidi.

Mteja: Bei hizi kodi imo?

Karani: Hapana, haimo. Utaongeza asilimia 18.

Mteja: Nikienda likizo nyumbani miezi mitatu bila kuweka wala kutoa, akaunti itakuwaje?

Karani: Miezi mitatu haina shida. Ikikaa muda mrefu bila muamala wowote italala, na itabidi uje mwenyewe na pasipoti tuiamshe.

Ona jinsi mteja huyu anavyouliza. Haombi radhi kwa kuuliza, wala hafoki. Kila jibu linampa swali linalofuata. Ukiyacheza mbele ya darasa, mwambie mwenzako anayeigiza karani aishike kweli karatasi na kuonyesha mistari kwa kidole, maana ndivyo tunavyofanya.

Lipo swali moja ambalo mwanafunzi wa Masaka huenda asilifikirie, lakini mtu wa Kagera analo. Benki ikifungwa, hela yangu inakuwaje? Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifungia benki tano kwa kukosa mtaji wa kutosha, na mojawapo ilikuwa Benki ya Ushirika wa Wakulima wa Kagera, ya hapa hapa kwetu. Wewe ulikuwa mdogo. Amana za wateja huwa na kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, na wakati ule kila mwenye akaunti alikuwa na haki ya kulipwa na bodi hadi shilingi 1,500,000. Aliyekuwa na chini ya hapo alistahili zote. Aliyezidi alipaswa kusubiri kinachopatikana mali za benki zikiuzwa na madeni yake yakikusanywa. Mwaka 2023 kiwango hicho kilipandishwa hadi 7,500,000. Mteja hachangii bima hiyo, benki ndiyo inayolipa, kwa hiyo haionekani kwenye karatasi ya makato. Lakini ili ulipwe lazima uthibitike kuwa ndiwe mwenye akaunti, na hapo tunarudi kwenye jina na kitambulisho. Yule Mutalemwa wa hati tatu tofauti angepata taabu siku hiyo kuliko siku ya kufungua.

Kwa upande wako wewe, kabla hujatimiza 18 akaunti inafunguliwa na mzazi, kwa kitambulisho chake na cheti chako cha kuzaliwa, na yeye ndiye anayeisimamia. Sikushauri kukimbilia hiyo sasa, miezi iliyobaki ni michache. Shughulikia hati. Nimekwisha kumwambia baba yako akitoe cheti chako cha kuzaliwa sandukuni akilinganishe na jina uliloandikishwa shuleni, herufi kwa herufi, kabla fomu ya NIDA haijajazwa. Kama shule imekuandika tofauti, mwalimu wa taaluma aambiwe mapema, kwa sababu jina likishachapwa kwenye cheti cha kidato cha nne kulibadili ni safari ndefu.

Daftari nalirudisha kwa mkono wa baba yako. Nimeweka alama ya penseli pale karani anaposema hakuna makato. Futa hapo, uandike yale ya kwako, kisha nitumie nisome. Wasalimie mama na bibi.

Shangazi yako